Pauni 7,500 za chumba cha ziada hazihesabiwi benki

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wanaoishi Uingereza, swali la kodi ya mapato kwa anayekodisha chumba cha ziada nyumbani kwake hupata jibu moja la haraka: ukipata chini ya pauni 7,500 kwa mwaka, hudaiwi chochote. Jibu hilo ni la kweli. Kinachoachwa nje ni mahali ambapo hizo pauni 7,500 zinapimwa. Mwenyeji hufungua programu ya benki, akajumlisha fedha zilizoingia kutoka kwenye jukwaa la mtandaoni la kukodishia wageni, kama Airbnb, akaona amebaki chini ya kiwango, akafunga simu. Sheria haiangalii akaunti yake ya benki. Inaangalia alichotozwa mgeni kwa ajili ya chumba na huduma zake, kabla jukwaa halijachukua kamisheni. Kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo, na mtu anaweza kuangukia humo kwa miaka mitatu bila kujua, mpaka bahasha ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, ipenye mlangoni.

Nataka kulieleza pengo hilo kwa kirefu, kwa sababu msamaha wenyewe ni mzuri na watu wetu wengi wana haki nao. Pia nadhani kuna mahali sheria hii imepitwa na wakati, na nitasema ni wapi.

Mpango huo unaitwa Rent a Room. Ulianza mwaka 1992, wakati ambapo aliyetarajiwa chumbani alikuwa mpangaji wa miezi mingi, mwanafunzi au kibarua, anayelipa kila wiki mkononi. Kiwango cha msamaha kilianza pauni 3,250, kikapanda hadi 4,250 mwaka 1997, kisha kikarushwa hadi 7,500 kuanzia Aprili 2016. Tangu hapo hakijaongezwa hata pauni moja. Masharti yake ni machache. Chumba kiwe na samani. Kiwe ndani ya nyumba iliyoko Uingereza ambayo wewe mwenyewe unaishi kama makazi yako makuu. Si lazima nyumba iwe yako. Hata mpangaji anayekodisha chumba kwa mtu mwingine anastahili, ingawa anahitaji idhini ya mwenye nyumba. Haijalishi kama mgeni anakaa usiku mmoja au mwaka mzima, wala kama umekodisha chumba kimoja au viwili, kwa sababu kiwango ni chako wewe kwa mwaka mzima wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili.

Mwaka 2018 serikali iliandaa rasimu ya kubana mlango huu: msamaha upatikane tu kama mwenyeji naye analala humo kwa sehemu ya kipindi ambacho mgeni yupo. Pendekezo hilo liliondolewa mwaka huohuo kabla ya kuwa sheria. Kwa hiyo anayekwenda nyumbani Mombasa au Tanga mwezi wa Desemba na kuwaachia wageni nyumba yake ya Uingereza bado yumo ndani ya msamaha, mradi nyumba hiyo imebaki kuwa makazi yake makuu. Aliye nje ya msamaha ni yule mwenye kijumba kinachojitegemea, chenye mlango wake, jiko lake na bafu lake, kilichotengwa na nyumba anamoishi. Huyo ana msamaha mwingine mdogo wa mapato ya mali, wa pauni 1,000, ambao hauwezi kuunganishwa na huu wa 7,500 juu ya mapato yaleyale.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa mwenyeji wa Leicester, tumwite Mwanaisha. Ni muuguzi, analipwa mshahara wa kutosha kuwekwa kwenye kodi ya asilimia 20, na mshahara huo umeshamaliza ile sehemu ya mapato ambayo kila mtu husamehewa. Ana nyumba ya vyumba vitatu, na kimoja amekiweka kwenye jukwaa la wageni wa muda mfupi. Katika mwaka wa kodi wa 2024/25 alipata usiku 150, kila usiku pauni 46. Hiyo ni pauni 6,900. Kila anayefika hulipa pia pauni 12 za usafi, na walifika mara 65, kwa hiyo pauni 780. Jumla ni pauni 7,680.

Jukwaa lake linamkata asilimia 3 ya jumla hiyo, yaani pauni 230.40, na juu ya kamisheni hiyo linatoza VAT ya asilimia 20, pauni 46.08. Makato yote ni pauni 276.48. Kilichoingia benki kwa mwaka mzima ni pauni 7,403.52.

Mwanaisha anatazama 7,403.52 na kuridhika. Kwa HMRC mapato yake ni 7,680, na ameshavuka kiwango kwa pauni 180. Ada ya usafi nayo imo, ingawa yeye anaiona kama fedha ya kurudisha gharama ya dobi na sabuni. Kifungua kinywa kingekuwamo, na vilevile malipo ya kufuliwa nguo au ya kuchukuliwa stesheni, kama angetoza. Chochote mgeni anachokulipa kwa chumba na huduma zinazoambatana nacho ni mapato ya chumba. Kisichokuwa chako ni ile ada ambayo jukwaa linamtoza mgeni kwa upande wake, kwa sababu hiyo haikupita mikononi mwako kwa namna yoyote.

Kuna fedha nyingine ambayo haimo kwenye jukwaa kabisa. Julai ilipofika, rafiki yake alimwomba awapokee wazazi wa mwanafunzi waliokuja kwenye mahafali. Walikaa siku tano, wakakubaliana pauni 240. Kwa kuwa walikuwa na shilingi, mzee akamtumia mama yake Mwanaisha kwa M-Pesa kule Mombasa, na mama akazitumia kulipa fundi wa bati. Fedha hizo hazikugusa Uingereza, lakini chumba ni cha Leicester na aliyetoa huduma ni Mwanaisha. Alichofanya ni kuelekeza malipo yake kwa mama. Kwa hiyo ni mapato yake, kwa thamani ya pauni siku zilipolipwa. Ukijumlisha, mapato yake ya mwaka ni pauni 7,920.

Hapa ndipo watu huogopa bure, kwa kudhani kwamba ukivuka 7,500 unapoteza msamaha wote. Hupotezi. Unapewa njia mbili za kupiga hesabu na unachagua moja. Njia ya kwanza ni ya kawaida: chukua mapato yote, toa gharama halisi, lipa kodi ya faida. Njia ya pili ni kuchukua mapato yote, kutoa 7,500, na kulipa kodi ya kinachobaki, bila kutoa gharama yoyote.

Kwa Mwanaisha, gharama za mwaka ni hizi. Kamisheni na VAT yake ni 276.48. Dobi, sabuni, chai, mkate na maziwa ni 610. Sehemu ya gesi, umeme, maji, intaneti na kodi ya halmashauri inayoangukia chumba kile ni 1,480, aliyoipata kwa kugawa bili kufuatana na vyumba na siku zilizotumika. Nyongeza ya bima kwa ajili ya wageni ni 95. Jumla ni pauni 2,461.48. Kwa njia ya kwanza faida yake ni 5,458.52, na kodi ya asilimia 20 ni karibu pauni 1,092. Kwa njia ya pili anachotozwa kodi ni pauni 420 tu, na kodi yake ni pauni 84.

Tofauti hiyo inazidi pauni 1,000, na inategemea uchaguzi ambao lazima uufanye mwenyewe. Aliyevuka kiwango asipochagua, sheria inamweka kwenye njia ya kwanza. Muda wa kuchagua njia ya pili ni mrefu kiasi: kwa mwaka wa 2024/25, ambao tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani yake ya kodi mtandaoni ni 31 Januari 2026, unaweza kuchagua mpaka tarehe 31 Januari 2027. Baada ya hapo unabaki ulipo kwa mwaka ule.

Watu huniuliza njia ipi ni bora, na jibu halihitaji mhasibu. Ukiwa umevuka kiwango, njia ya kwanza inakufaa pale tu ambapo gharama zako halali zimezidi pauni 7,500. Kwa chumba kimoja ndani ya nyumba unayoishi ni nadra sana kufika huko. Riba ya mkopo wa nyumba, ambayo wengi wanaitegemea kuongeza gharama, haitolewi tena kwenye faida ya pango la makazi kama zamani. Tangu Aprili 2020 inapunguza kodi kwa kiwango cha asilimia 20 tu ya riba inayohusika. Ukinunua kitanda cha kwanza cha chumba, nacho kwa kawaida hakiingii kwenye gharama za kutoa. Mwingine anayefaidika na njia ya kwanza ni yule aliyefanya ukarabati mkubwa wa chumba mwaka uleule ambao mapato yalikuwa madogo, na akapata hasara anayotaka kuihamishia miaka inayofuata. Huyo anaweza kuomba msamaha usitumike kwake, hata kama mapato yake yako chini ya 7,500.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halina haki. Tuseme jukwaa la Mwanaisha linabadilisha utaratibu. Badala ya kumtoza mgeni sehemu kubwa ya ada na mwenyeji asilimia 3, linaanza kumtoza mwenyeji asilimia 15 yote, VAT ikiwa ndani, na mgeni halipi ada ya pembeni. Hili si jambo la kubuni. Yapo majukwaa ambayo siku zote yamekata kwa upande wa mwenyeji peke yake. Mwanaisha anapandisha bei ili mfukoni abaki na kilekile. Mgeni haoni tofauti kubwa, kwa kuwa alichokuwa akilipa kama ada sasa kimo ndani ya bei. Ili ibaki 7,403.52 baada ya asilimia 15 kukatwa, mapato kabla ya makato lazima yafike karibu pauni 8,710. Ongeza 240 za wazazi wa mahafali, unapata 8,950. Toa 7,500, zinabaki 1,450, na kodi ni pauni 290.

Chumba ni kilekile, na idadi ya usiku haijabadilika. Fedha iliyobaki mikononi mwake ni ileile. Kodi imetoka 84 hadi 290 kwa sababu kampuni moja imeamua kuandika ada yake kwenye mstari mwingine wa risiti. Anaweza kuikimbilia njia ya kwanza, ambako kamisheni inatolewa, lakini huko atalipa zaidi ya pauni elfu. Kiwango kinachopimwa kwa mapato ghafi kilikuwa na mantiki mwaka 1992, ambapo kati ya mpangaji na mwenye nyumba hapakuwa na mtu wa tatu. Leo yule wa tatu yupo karibu kila mara, na anachukua sehemu ambayo mwenyeji haioni kamwe. Kamisheni ya jukwaa ingepaswa kuondolewa kwanza, kisha ndipo kiwango kipimwe. Serikali haiwezi kusema haina namna ya kuihakikisha, kwa kuwa takwimu hiyo inaletwa kwake na majukwaa yenyewe.

Tangu tarehe 1 Januari 2024 majukwaa yanayofanya kazi Uingereza yanatakiwa kukusanya taarifa za wenyeji na kuzipeleka HMRC, chini ya kanuni zilizobuniwa na OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi zilizoendelea. Ripoti ya kwanza, ya mwaka 2024, ilipaswa kufika tarehe 31 Januari 2025, na kila mwaka tarehe hiyohiyo. Inataja jina la mwenyeji, anwani ya nyumba, namba ya utambulisho wa kodi, siku zilizokodishwa, kiasi alicholipwa kila robo mwaka baada ya makato, na makato yenyewe kwenye sehemu yake. Wauzaji wa bidhaa ndogondogo wana kiwango cha chini ambacho hakiripotiwi. Wenyeji wa vyumba hawana. Hata aliyepokea mgeni mmoja wikiendi moja anaripotiwa.

HMRC basi wanaweza kujumlisha malipo na makato na kupata mapato ghafi kwa sekunde moja. Ila ripoti inahesabu Januari hadi Desemba, na kodi inahesabiwa Aprili hadi Aprili. Wageni wa Mwanaisha wa Februari 2024 wamo kwenye ripoti ya 2024, lakini kwa kodi ni wa mwaka wa 2023/24. Mwenyeji aliyepata wageni wengi mwanzoni mwa mwaka anaweza kuonekana kwenye ripoti amevuka 7,500 ilhali hakuvuka katika mwaka wowote wa kodi. Akiandikiwa barua, ni yeye atakayetakiwa kuonyesha tarehe. Hapo ndipo yule aliyesema "niko chini ya kiwango, sina haja ya kuandika chochote" hujikuta na maneno matupu.

Kuandika kwenyewe si kazi kubwa. Kwenye Airbnb, kwa mfano, historia ya malipo hupakuliwa kama faili la CSV, na ndani yake kuna safu za `Gross earnings`, `Service fee` na `Amount`. Inayotakiwa kwa kiwango cha 7,500 ni `Gross earnings`. `Amount` ndiyo inayolingana na benki na ndiyo inayowapoteza watu. Ninachowashauri wenyeji ni kupakua faili hilo kila mwezi, si kungoja mwisho wa mwaka, na kulibandika kwenye jedwali moja la Eksel lenye mistari inayoanzia tarehe 6 Aprili. Kisha waongeze kwa mkono kila mgeni aliyekuja nje ya jukwaa: tarehe, usiku ngapi, alilipa kiasi gani na kwa njia gani. Mstari wa Mwanaisha wa Julai ungesomeka "wazazi wa mahafali, usiku tano, M-Pesa kwa mama, sawa na pauni 240", na pembeni angehifadhi picha ya ujumbe wa muamala. Mgeni akirudishiwa fedha, mstari wake unaandikwa kwa alama ya kutoa, usifutwe.

Kwa wenyeji wadogo tarehe inayohesabika kwa kawaida ni ya siku fedha zilipopokelewa. Aliyeweka nafasi Machi 2025 kwa ajili ya Mei, na jukwaa likamlipa mwenyeji baada ya mgeni kufika, ni wa mwaka wa 2025/26. Wiki ya kwanza ya Aprili ndiyo ya kuangaliwa kwa makini, maana Pasaka huleta wageni palepale mwaka mmoja wa kodi unapokabidhi kwa mwingine. Na gharama ziandikwe hata kama unajua utatumia njia ya pili. Mwaka bomba likipasuka na sakafu ya chumba ikang'olewa yote, utataka kujua kama umefika 7,500, na risiti za miezi iliyopita hazitafutiki kirahisi. Kumbukumbu za pango zinatakiwa kutunzwa miaka mitano baada ya tarehe 31 Januari ya ritani husika. Za mwaka wa 2024/25 ni mpaka tarehe 31 Januari 2031.

Aliyebaki chini ya kiwango hafanyi kitu, msamaha unamfikia wenyewe. Aliyevuka anatakiwa kujisajili kwa ajili ya ritani ya Self Assessment kufikia tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha, na kujaza kurasa za mali, SA105. Mwajiriwa kama Mwanaisha akiwasilisha mtandaoni kufikia tarehe 30 Desemba, na deni likiwa chini ya pauni 3,000, anaweza kuomba likatwe kidogokidogo kwenye mshahara. Pauni 84 zikigawanywa kwa miezi 12 ni pauni 7 kwa mwezi. Asipowasilisha kabisa, faini ya kuchelewa peke yake inaanzia pauni 100, zaidi ya kodi yenyewe.

Kuna jambo la kifamilia ambalo limewachanganya wengi. Kiwango kinakuwa nusu, pauni 3,750, kama kuna mtu mwingine anayepokea mapato ya kukodisha ndani ya nyumba hiyohiyo. Mume na mke wakigawana mapato, kila mmoja ana 3,750, hata kama mmoja amepata 6,000 na mwenzake 1,000. Katika mgawo huo wa mwisho, wa kwanza amevuka kwa 2,250 ingawa jumla yao ni 7,000. Mwenye akaunti ya jukwaa si lazima awe ndiye mwenye mapato mbele ya sheria, na kwa wanandoa wanaomiliki nyumba pamoja mapato ya mali kwa kawaida huhesabiwa nusu kwa nusu. Kwa upande wa pili, nusu haipungui zaidi ya hapo: ndugu watatu wanaoishi pamoja na kwa kweli wanapokea kila mmoja fungu lake wana 3,750 kila mmoja. Nasisitiza "kwa kweli wanapokea". Kuandika jina la kaka kwenye karatasi huku fedha zote zikiingia kwako hakumfanyi kuwa mpokeaji.

Ndugu anayekaa kwako nusu mwaka akichangia pauni 300 kila mwezi kwa ajili ya chumba naye yumo kwenye hesabu, pamoja na wageni wa jukwaa. Kuwa binamu hakumwondoi. Pauni 1,800 za binamu zikijumlishwa na 6,000 za wageni, umevuka.

Kwa yule ambaye ameshagundua kuwa miaka iliyopita alihesabu kwa benki, HMRC wana utaratibu uitwao Let Property Campaign, unaopokea pia waliovuka kiwango cha chumba cha ziada. Unajitaja mwenyewe, unapiga hesabu za miaka inayohusika, unalipa kodi, riba na adhabu. Adhabu ya aliyejitaja kabla ya kuandikiwa ni ndogo kuliko ya aliyefuatwa, na ripoti za majukwaa zinavyoendelea kuingia, muda wa kujitaja mwenyewe unazidi kuwa mfupi. Kabla ya kujitaja, tafuta kwanza ni miaka ipi bado unaruhusiwa kuchagua njia ya pili. Kwa ile ambayo muda umepita, hesabu itakwenda kwa gharama halisi, na hapo risiti za dobi na bili za gesi za miaka ile zinakuwa na thamani ya fedha taslimu.

Limebaki swali la nyumba ya nyumbani. Mwanaisha na ndugu zake wamerithi nyumba Mombasa, na chumba cha juu wanakikodisha kwa watalii kupitia jukwaa lilelile. Anauliza kama mapato hayo nayo yanaingia kwenye 7,500. Hayaingii. Rent a Room ni kwa nyumba iliyoko Uingereza tu, na tena ile anayoishi mwenyewe. Kama mkaazi wa Uingereza wa miaka mingi, fungu lake la Mombasa ni mapato ya mali ya nje na linatakiwa kutajwa kwa HMRC, likiwa na kurasa zake za ritani. Anaweza kutumia ule msamaha wa pauni 1,000, au kutoa gharama halisi na kuomba kodi ya mapato aliyolipa Kenya juu ya mapato hayohayo ihesabiwe dhidi ya ile ya Uingereza, kwa kiwango ambacho sheria inaruhusu. Kwa hiyo anahitaji majedwali mawili, la Leicester na la Mombasa, na stakabadhi za kodi za Kenya ziwe upande wa pili huo, zikiwa na jina lake na kiasi cha fungu lake, si za nyumba nzima kwa jina la kaka mkubwa.